Vichwa vya Magunia Ambavyo Hatukuviandika

Mimi mdomo wangu ni mtamu, hilo nalisema mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu. Nikienda kununua mahindi kule juu milimani, kule Mpepai, siondoki bila kichwa. Kichwa ni hivi: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu badala ya kulishona, wanaunganisha kamba na majani pale juu, wanaongeza mahindi mengine, linavimba kama mama mjamzito aliyekaa. Wengine wanaita lumbesa. Serikali imekataza, lakini ukimwuliza muuzaji atakwambia, "Mama, hilo ni gunia tu." Na kwenye karatasi ataandika gunia. Hakuna anayeandika kichwa. Nani aandike kitu kilichokatazwa halafu aweke sahihi yake chini?

Basi mwaka huo kikundi chetu cha akina mama tulikuwa tunachukua mahindi na maharage huku juu, tunateremka nayo ziwani, tunawauzia watu wa vijiji vya ufukweni ambako lori halifiki. Wenzetu kule wana mihogo na usipa, dagaa wa ziwani, mahindi yao hayatoshi. Tulikuwa wanawake saba. Mimi mkubwa wao, na mimi ndiye mnunuzi kwa sababu ya huu mdomo. Binti yangu wa kwanza ndiye muuzaji, yeye anajua kusoma vizuri, na yeye ndiye anayepanda boti. Mimi boti siipendi. Nilizaliwa milimani, maji yangu ni ya kisimani.

Safari ile nilijisifu sana. Nyumba moja tu ya Mpepai walinipa magunia kumi na matatu, yote yana vichwa, kwa bei ya gunia la kawaida. Nilimsifia baba mwenye nyumba kahawa yake, nikamsifia mkewe, nikasifia mpaka mbuzi. Pale Kitai, barabarani, niliongeza magunia tisa. Watu wa Kitai hawana utani, gunia lao ni madebe sita, limeshonwa bapa, ukitaka chukua, hutaki panda basi lako uende. Kwa hiyo nikawa na karatasi mbili za mahindi. Moja imeandikwa "gunia 13", moja imeandikwa "gunia 9". Na nyingine ya maharage, "debe 12". Na ya karanga, "ndoo 8". Zote zimeandikwa kwa kalamu, moja nyuma ya kifuniko cha daftari la mtoto. Nilizifunga kwenye pindo la kitenge.

Lori likatuteremsha ziwani asubuhi mapema. Boti ni ya baba mmoja mwenye duka pale mwaloni, boti zinapofunga, Mwislamu, babu zake walitoka pwani, mtu mpole, kanzu yake nyeupe hata akipima mafuta ya taa. Yeye ndiye anayeandika mzigo. Alikuwa ameanza kuandika kwa kilo, kwa sababu wakaguzi walikuwa wamempa karatasi inayosema boti yake isizidishe kilo elfu mbili na mia sita, mizigo na watu pamoja. Alikuwa ameibandika ukutani, juu ya makopo ya maziwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mzigo wangu huo unaingia."

"Karibu ukae. Nisomee karatasi zako, mimi nageuza kwa kilo."

Nikakaa kwenye kreti ya soda, nikamsomea. Darasa la nne linanitosha kusoma namba. Vibarua nje walikuwa wanabeba moja kwa moja kwenda kwenye boti. Tulikubaliana safari ya kwanza ichukue ya Mpepai kumi na moja na ya Kitai saba, manne yabaki yaende safari ya pili. Maharage yote. Karanga zote.

"Mahindi gunia kumi na nane," akasema. "Gunia kilo mia. Elfu moja mia nane." Anaandika. "Maharage debe kumi na mbili, debe kilo kumi na nane, mia mbili kumi na sita. Karanga ndoo nane, ndoo tuseme kilo kumi, themanini. Watu sita, kila mtu sabini, mia nne ishirini." Akapiga mstari, akajumlisha. "Elfu mbili mia tano kumi na sita. Tumebakiwa na kilo themanini na nne. Safi kabisa."

"Hizo themanini na nne si unipeleke mimi?" nikamtania.

"Bibi, wewe peke yako unazimaliza."

Tukacheka. Ndiyo, nilicheka. Nakumbuka meno yote yalikuwa nje. Na muda huohuo binti yangu alikuwa anakunja sketi, anaingia majini, anapandishwa. Akanipungia mkono. Nahodha akavuta kamba ya injini mara mbili, ikakubali, wakaondoka.

Sasa nikabaki na magunia yangu manne ufukweni. Nikakalia moja. Jua lilikuwa bado la huruma. Akaja mama mmoja anayenunua usipa pale mwaloni, mwanamke mnene mwenye sauti, mzani wake wa kuning'iniza hauachi. Tulikuwa tunajuana kwa utani tu.

"Mama mkubwa, umekalia mali ya watu. Nipimie debe mbili."

"Nakupimia. Lakini huyu ninayemkalia ana kichwa, anza na kichwa."

Nikafungua kamba, nikaomba debe lake la bati, nikaanza. Mimi nikipima nahesabu kwa sauti, tangu nikiwa msichana. Akachukua mawili yake, akaweka kwenye mfuko. Nikaona majani ya juu yamechanika, mahindi yanataka kumwagika mchangani, nikamwambia aniazime mifuko yake ya usipa nihamishie yote. Nikaendelea. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Ile sita nilipoitaja, nikachungulia ndani ya gunia nione mabaki ya chini. Halikuwa na mabaki ya chini. Lilikuwa bado lina mahindi ya kushiba.

Nikapima la saba, limejaa, lina kilele chake. Nikapima la nane. Limejaa, lina kilele chake. Hapo ndipo gunia likaanguka, tupu.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza. Nilikuwa najua kuwa kichwa kina mahindi! Si ndiyo maana nilikuwa nakitafuta? Nilikuwa najua kwa furaha. Sasa nikajua kwa tumbo. Debe nikaliachia mchangani, mpaka yule mama akaniuliza, "Mama mkubwa, umeng'atwa?"

"Nane," nikamwambia.

"Nane nini?"

"Gunia hili ni debe nane. Na yule baba ameandika kila gunia kilo mia. Na kule kwenye boti kuna kumi na moja kama hili."

Akageuka kuangalia ziwani. Na mimi nikageuka. Boti ilikuwa imeshakuwa ndogo, lakini bado unaiona. Na ilikuwa chini. Jamani, ilikuwa chini. Mtu angesema watu wamekaa juu ya maji wenyewe, na magunia yamekaa juu ya maji yenyewe.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, magoti haya, mchanga ule. Viatu nikaviacha.

"Baba, rudisha boti!"

Mwenye duka alikuwa anamfungia mteja sukari. "Kuna nini tena, Bibi?"

"Gunia zangu si kilo mia. Rudisha boti, binti yangu yumo."

"Gunia ni kilo mia, Bibi. Kila mahali. Mbinga mia, Songea mia, mpaka kwenye redio mia."

"La Kitai ndiyo mia. La Mpepai lina kichwa."

"Hukusema kichwa. Ulisema gunia."

Na kweli. Nilisema gunia. Nimesoma kilichoandikwa. Nikasimama pale mlangoni, mteja na sukari yake ananiangalia.

"Na vibarua wako hawakuona?" nikauliza.

"Vibarua kazi yao kubeba. Nahodha aliona, lakini nahodha anajua nimeshaandika. Karatasi ikishatoka hapa yeye haulizi." Akaanza kuipekua ile karatasi yake. Lakini mdomo bado mgumu. "Bibi, nikimrudisha nahodha, mafuta yamekwenda, na abiria wengine wana haraka zao. Niambie basi, zimezidi kilo ngapi? Kumi? Hamsini? Themanini na nne tunazo za ziada. Hesabu hizi mimi nimesomea."

"Na magunia yale nimenunua mimi!"

Yule mama wa usipa alikuwa amefika nyuma yangu, anahema, mzani mkononi na debe mkononi, na kibarua nyuma yake amebeba ile mifuko ya mahindi. Mungu ambariki mwanamke yule. Hakupoteza muda kusalimia. Akautundika mzani kwenye nondo ya dirisha la duka, akalifunga debe kamba, limejaa mahindi na kilele.

"Soma," akamwambia.

Mwenye duka akavaa miwani. "Kumi na nane."

"Toa bati. Debe tupu ni kilo moja, nalijua, napimia kila siku."

"Kumi na saba."

"Haya, lingine." Akamwaga, akajaza tena kutoka mfuko mwingine. Likaja kumi na nane na kidogo. La tatu likaja pungufu kidogo ya kumi na nane. "Kumi na nane, toa bati, kumi na saba. Unataka la nne au tuanze kulia?"

"Niandikie, baba," nikamwambia. "Andika mahindi, debe lenye kilele, kilo kumi na saba. Andika kwamba tumepima."

Akaandika. Na mimi hapo hesabu zangu si za ubaoni. Mimi nahesabu kwa madebe, kwa sababu debe nalijua, nimelibeba kichwani miaka yote. Kilo sijawahi kuibeba mimi.

"Gunia la Kitai debe sita," nikasema.

"Tumepima?"

"Nimepima mimi juzi, pale barabarani, sita sita, zina kilele."

Akaandika pembeni, nikamwona: *kwa maneno ya Bibi*. "Sita kwa kumi na saba, mia na mbili. Unaona, Bibi? Mia. Si nilikwambia?"

"Endelea. La Mpepai debe nane."

"Tumefungua moja tu."

"Yote ni ya nyumba moja, yamejazwa siku moja, na mtu mmoja, na mimi nimesimama hapo namsifia mbuzi. Andika nane."

Akaandika: *moja limefunguliwa, kumi na moja tunachukulia ni sawa*. Kisha akazidisha. Nane kwa kumi na saba. Nikaona kalamu imesimama.

"Mia moja thelathini na sita," akasema polepole.

"Mara kumi na moja."

Alizidisha, akazidisha tena. Mteja wa sukari alikuwa ameshaweka sukari chini.

"Na ndoo," akasema yule mama wa usipa. "Umeandika ndoo kilo kumi. Ndoo ipi? Ile ndogo ya lita kumi ukijaza karanga haifiki hata nane. Ile kubwa ya rangi, ya lita ishirini, kumi na nne. Nauza karanga mimi."

"Za kwangu ni zile kubwa za rangi," nikasema.

Hata kumi yake haikuwa ya ndoo yoyote duniani! Ameitoa hewani kwa sababu kumi ni rahisi kuzidisha. Akafuta, akaandika kumi na nne. *Kwa uzoefu wa muuzaji.* Maharage akayaacha hivyo hivyo, debe kilo kumi na nane, tukasema sawa. Watu akawaacha sabini sabini, ingawa wawili walikuwa wanaume wa miraba minne.

Nikawa namwangalia anapojumlisha. Mahindi ya Mpepai, elfu moja mia nne tisini na sita. Ya Kitai, mia saba kumi na nne. Maharage, mia mbili kumi na sita. Karanga, mia moja kumi na mbili. Watu, mia nne ishirini. Nilikuwa naomba akosee. Kweli, kimoyomoyo nilikuwa naomba mwanaume huyu ambaye amesoma akosee tu, apate ndogo.

"Elfu mbili mia tisa hamsini na nane," akasema.

"Na boti?"

Akanyanyua macho ukutani, kana kwamba namba imebadilika. "Elfu mbili mia sita."

"Zimezidi ngapi?"

"Mia tatu hamsini na nane."

"Kwa watu ni wangapi?"

"Watano, Bibi. Na kidogo juu."

Watu watano wazima walikuwa wamepanda boti ile bila mtu kuwaona. Wamekaa hapo na binti yangu. Na mimi ndiye niliyewapandisha, kwa mdomo wangu mtamu, tena nikashukuru.

Hapo ndugu zangu yule baba alibadilika. Alitupa kalamu, akachukua simu, akampigia nahodha. *Haipatikani.* Akapiga tena. Nikampa namba ya binti yangu. Ikaita. Ikaita mpaka ikakata. Simu yake anaifunga kwenye mfuko wa nailoni anaiweka kifuani isilowe, na injini inapiga kelele, atasikia nini? Akapiga tena, ikaita. Mara ya tatu na yenyewe haipatikani.

"Wameingia chini ya majabali," akasema. "Pale mtandao hakuna mpaka wapite rasi."

"Na rasini kuna nini?"

Yule mama wa usipa akasema, "Upepo. Huku tumekingwa, hatuusikii. Pale rasini boti inageuza ubavu."

Basi nilikaa chini. Sikukaa kwenye kreti, nilikaa sakafuni. Nikaanza Salamu Maria, ikanipotea katikati. Salamu Maria! Ninaisali tangu sijaota meno ya pili, na ikanipotea, nikawa narudia "umejaa, umejaa, umejaa", na kila nikisema umejaa naona gunia. Mwenye duka naye alikuwa anaomba kwa Kiarabu taratibu, huku anabonyeza simu. Mtu angepita angesema kuna msiba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiri wajukuu nitawaambia nini. Wanne, na yule wa mwisho bado ananyonya, nilikuwa nimemwacha kwa jirani. Nitawaambia mama yenu amezamishwa na nini? Na mahindi ya bure?

"Kambi!" akapiga kelele yule mama wa usipa. Nikaruka. "Kabla ya rasi kuna kambi ya wavuvi. Kaka yangu anaanikia usipa pale. Ana laini nyingine, ile inashika."

Akapiga. Ikapokelewa papo hapo, na yeye akaanza kumwita kaka yake kwa Kinyasa, haraka haraka, nikawa sishiki ila neno moja moja. Nikasikia boti. Nikasikia mahindi. Akafunika simu kwa kiganja. "Anaiona. Haijafika rasini. Anasema inaenda kama konokono."

"Aipungie! Apunge nguo!"

"Apunge nguo!" akamwambia. "Panda jiwe! Vua shati upunge! ... Sijui, basi vua suruali, mimi nitajuaje?"

Kaka ameenda kupunga, simu ameiacha wazi. Tukawa tunasikia upepo kwenye simu, shuuu, shuuu, na mbwa anabweka. Ule upepo ulikuwa unatoka pale ambapo mwanangu yupo. Nilishika mguu wa meza ya duka, sikuuachia. Mwenye duka alinipa maji, nikayashika mkono mwingine, nikayamwaga yote mapajani, sikujua.

Mpaka leo siwezi kusema ilikuwa muda gani. Yule mama anasema dakika chache. Dakika chache zake.

Kisha simu ikaguna, na kaka akarudi anahema, na yule mama akacheka kicheko kikubwa, akakaa palepale sakafuni karibu nami, kishindo. "Wamegeuza. Wanaingia kambini."

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado. "Mpaka waguse mchanga," nikasema. "Usiniambie kitu mpaka waguse mchanga."

Wakagusa. Na nahodha akachukua simu ya kaka mtu, mkali. "Nani ananiita? Nina watu humu wanachota maji tangu tuondoke! Kila wimbi linaingia kidogo! Nini?"

Mwenye duka akachukua simu kwa mikono miwili. "Nahodha, mzigo umezidi. Punguza."

"Nipunguze ngapi?"

"Kilo mia tatu hamsini na nane."

"Huku nina mzani? Nitazijuaje kilo hapa mchangani? Niambie magunia!"

Mwenye duka akaniangalia mimi. Na mimi, ambaye Salamu Maria ilikuwa imenipotea, hiyo haikunipotea. Gunia la kichwa mia thelathini na sita. Mawili ni mia mbili sabini na mbili, hayatoshi. Matatu ni mia nne na nane.

"Matatu ya vichwa," nikasema. "Sio bapa. Mwambie ya vichwa."

"Matatu ya vichwa, nahodha. Yaache kwa huyo bwana."

Tukasikia wanatoa. Tukasikia wanaume wanalaani gunia, na moja nadhani lilitumbukia, maana kaka mtu alipiga kelele za mahindi yake kama vile ni yake kweli. Baadaye simu ikachukuliwa na mtu mwingine.

"Mama?"

Nikamnyang'anya mwenye duka simu.

"Mama, boti imepanda. Maji yalikuwa vidole vinne chini ya ukingo, sasa ni kiganja na nusu." Anatetemeka meno, nikasikia. "Kumbe ni nini? Nahodha anasema ni hesabu yako."

"Vichwa," nikamwambia. "Ni vile vichwa, mwanangu."

"Vile ulivyokuwa unajisifia juzi?"

"Hivyohivyo."

Kisha nikasikia anasema na nahodha, na akarudi. "Tunaendelea. Rasi wamesema inapitika sasa. Mama, usiipigie simu hii kila saa, utamaliza chaji ya mtu."

Nilimpigia mara sita.

Mchana ule mwenye duka aliandika karatasi upya, safi. Juu kabisa akaandika *Makadirio*, na chini yake kila kitu tulichochukulia: debe la mahindi lina kilele, kilo kumi na saba, tumepima mara tatu, bati limetolewa. Gunia la Kitai madebe sita, kwa maneno ya Bibi. Gunia la Mpepai madebe nane, limefunguliwa moja. Ndoo ni ya lita ishirini. Mtu kilo sabini, bila begi. Akanipa niweke sahihi, na mimi jina langu naliandika, tena kwa herufi kubwa. Akampa na mama wa usipa, naye akaweka. Akaibandika ukutani karibu na ile ya wakaguzi. Akaniambia, "Bibi, nimeandika mizigo ya watu miaka yote hii, sijawahi kuuliza mtu gunia lake ni la wapi." Nilimwona amezeeka kidogo. Naamini na yeye aliniona hivyohivyo.

Boti ilirudi alasiri. Nilisimama majini mpaka magotini, mimi ninayeogopa maji, nikahesabu vichwa vya watu. Wanne walikuwa wameshukia kule kijijini. Walirudi wawili, nahodha na binti yangu. Alishuka amelowa mpaka kiunoni, midomo ya kijivu, ana njaa, ana hasira. Sikuwahi kumwona mzuri vile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Hakunikumbatia. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye yale magunia yetu yaliyobaki. Akatafuta la Mpepai ambalo bado lilikuwa zima, akapiga magoti mchangani, akaanza kufungua kamba za kichwa kwa meno kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nakata kichwa, halafu napima lote. Niletee debe."

Nikamletea. Nikamshikia mdomo wa gunia, yeye akawa anachota, mimi nikawa nahesabu kwa sauti. Hakutaka kuniangalia, lakini nilipofika saba akaniambia, "Sema kwa nguvu, Mama, nahodha asikie."